Supu ya Sare

(Ngarenaro, Arusha, asubuhi baada ya dabi ya Kariakoo kuisha 1-1. Mama Neema, Simba wa damu, anakoroga mtori. Baraka, bodaboda na Yanga asiye na tiba, anaegesha pikipiki. Jana usukani ulikuwa na kitambaa cha kijani na njano. Leo mtupu.)

BARAKA: Shikamoo mama.

MAMA NEEMA: Marahaba, baba. Kitambaa kiko wapi? Jana kilipepea mpaka kikanitilia vumbi kwenye chapati.

BARAKA: Nimekifua.

MAMA NEEMA: Machozi yametoka?

BARAKA: Machozi ya nini? Anayelia ni aliyeongoza tangu dakika ya 12, akachomolewa ya 88.

MAMA NEEMA: Tuliwaonea huruma. Mmezunguka pale kwa Mkapa jioni nzima mnatafuta goli kama watu waliodondosha funguo gizani.

BARAKA: Huruma! Kipa wenu kila akidaka analala. Nikadhani kapanga chumba pale kwenye boksi.

MAMA NEEMA: Alikuwa anaumwa mgongo.

BARAKA: Mbona tulipochomoa ulipona ghafla, akawa anakimbilia mpira hadi kwa waokota mipira?

MAMA NEEMA: (anacheka, anajikaza) Niambie, chapati ngapi?

(Baraka anainua mkono, vidole vyote vimenyooka.)

MAMA NEEMA: Tano? Wewe si wa mbili kila siku?

BARAKA: Mkono umezoea, mama. Tangu tarehe 5 Novemba 2023 haujakunjika. Tano kwa moja!

MAMA NEEMA: Basi chukua sita kabisa. Sita bila, 1977.

BARAKA: Mama, 1977 mimi hata baba alikuwa hajamwona mama.

MAMA NEEMA: Hata mimi nilikuwa mgongoni. Lakini 2012 ulikuwepo, usijifanye. Tano bila. Ulikuwa unavaa kaptula ya shule, ukaniambia redio imeharibika.

BARAKA: Iliharibika kweli.

MAMA NEEMA: Nchi nzima, redio za Yanga tu ndizo ziliharibika siku ile. Na mwaka uliofuata, 2013, mnaongoza tatu bila hadi mapumziko, mmeshaanza kuimba. Ikaisha ngapi?

BARAKA: (kwa sauti ndogo) Tatu tatu.

MAMA NEEMA: Sijasikia, pikipiki inapita.

BARAKA: Tatu tatu, mama!

MAMA NEEMA: Sisi tulirudisha tatu. Wewe umerudisha moja, umepiga honi kuanzia Kilombero hadi Sakina.

BARAKA: Sawa, nyie ndio mafundi wa sare. Hata fainali ya Shirikisho 2025, Berkane kaja Zanzibar, mkatoka moja moja. Kombe likapanda ndege na Wamoroko.

MAMA NEEMA: Na wewe 2023 si ulikwenda kushinda Aljeria kwenyewe? Jumla mbili mbili. Kombe umeliweka wapi, nije nichotee maji?

BARAKA: Goli la ugenini lilituua, mama. Hilo usiliguse, bado kidonda.

(Hapa wateja wa benchi la pili, ambao nusu yao hawana timu ila wana midomo, wanapiga meza.)

MAMA NEEMA: Haya, tuje kwenye mambo ya maana. Tulikubalianaje juzi?

BARAKA: Yanga ikishinda, nakula bure wiki nzima.

MAMA NEEMA: Endelea.

BARAKA: Simba ikishinda... nalipa deni lote.

MAMA NEEMA: Ambalo ni shilingi ngapi?

BARAKA: Mama, watu wanasikiliza.

MAMA NEEMA: Shilingi 14,000. Wasikilize vizuri.

BARAKA: Lakini sare hatukuiongelea. Kwa hiyo kila mtu abaki na chake: mimi na deni langu, wewe na daftari lako.

MAMA NEEMA: Umesomea wapi sheria? Sare maana yake tunagawana pointi. Lete 7,000.

BARAKA: Kisha nile bure siku tatu na nusu?

MAMA NEEMA: Wewe! Timu iliyoanzishwa 1935 ingekuwa imeshakuwa na aibu ya kiutu uzima.

BARAKA: Na nyie wa 1936 muwe na heshima kwa kaka mkubwa. Tena mlikuwa mnaitwa Sunderland mpaka 1971, kama mmechukua jina la mtumba.

MAMA NEEMA: Wa mtumba ndiye anakupikia. Kaa.

(Anachota. Baraka anatazama bakuli, anageuza kijiko, anatazama tena.)

BARAKA: Mama, hii nini? Nyama moja, mfupa mmoja?

MAMA NEEMA: Moja moja. Si ndiyo matokeo uliyoyapigia honi?

BARAKA: Aisee! Basi na bei iwe nusu.

MAMA NEEMA: Bei haijacheza jana. Pilipili ile pale.

BARAKA: Niongezee hata ndizi. Dakika za nyongeza.

MAMA NEEMA: Refa kashapuliza. Kula, abiria wako anaita.