Faiba inakata mchana tu, RX inashuka mpaka -28.9 (akaunti 40718326, Tabata Kimanga)

Habari za kazi wakuu,

Tiketi yangu ya wiki iliyopita imefungwa eti "mteja yuko hewani". Ni kweli, fundi alinipigia asubuhi na asubuhi huwa niko hewani, shida yangu ni ya mchana, inaanza kama saa sita jua likishakuwa kali na upepo ukianza, inakata dakika mbili tatu inarudi, inakata tena, ndo hivyo mpaka saa kumi na moja jioni inatulia yenyewe. Usiku safi kabisa. Kwa hiyo kupiga simu asubuhi hakutaikamata hii.

Ikikata taa ya LOS inawaka nyekundu. Umeme sio, vifaa viko kwenye betri ya akiba, na kuzima na kuwasha nishafanya haisaidii, naomba tusianzie huko tena.

Jana saa 8 mchana nimepima kwa laptopu iliyochomekwa waya, waifai nimezima isije ikasingiziwa. Ya kwanza ni rauta ya hapa ndani, ya pili ni mtambo wenu wa kwanza nikitoka nje:

```
ping -n 500 192.168.1.1
Sent = 500, Received = 500, Lost = 0 (0% loss)

ping -n 500 100.64.0.1
Sent = 500, Received = 431, Lost = 69 (13% loss)
```

Saa 3 usiku nikarudia, zote mbili 0%. Yaani ndani kwangu hakipotei kitu, kinapotea kikishatoka.

Halafu angalieni RX Optical Power kwenye ukurasa wa kifaa, jana hiyo hiyo:

saa 1 asubuhi: -21.3 dBm
saa 6:40 mchana: -25.8
saa 8:10 mchana: -28.9, hapo hapo LOS
saa 3 usiku: -21.5

Hiyo ni zaidi ya 7 dB, mwanga unaonifikia unabaki chini ya moja ya tano. TX wala haitikisiki. Majirani wawili wanaotumia boksi lile lile la nguzoni wako vizuri, ndo maana nahisi ni waya wangu wa kutoka nguzoni, umelala juu ya tawi la mwembe na upepo ukivuma unasuguliwa, au konekta imelegea, fundi ndo atajua.

Ninachoomba: fundi aje Jumatano au Alhamisi kati ya saa 7 na saa 10 mchana, sio asubuhi, aje na mita ya kupimia mwanga, ngazi na waya wa akiba. Apime nguzoni kwanza halafu kwenye soketi ya ukutani, kama nguzoni ni -20 na huku ni -28 basi waya ubadilishwe siku hiyo hiyo, usiungwe ungwe na seloteipu kama walivyofanya kwa jirani.

Skrinshoti zote nimeambatanisha, zina saa. Siku zote mbili niko nyumbani, namba ni ile ya kwenye akaunti, apige akifika kwenye geti la bluu maana kengele haifanyi kazi.