Muhtasari wa fomu ya kukubali upasuaji wa ngiri

Baba, hii ni fomu ya Kifaransa uliyopewa hapa Bukavu, kwa ufupi. Isome kabla ya kutia sahihi kesho.

Unamruhusu munganga akupasue kinenani, upande wa kuume, arudishe utumbo ndani na aweke wavu wa kuushikilia. Utachomwa sindano ya ganzi mgongoni; utabaki macho.

Hatari walizoandika: kutoka damu, kidonda kuoza, mkojo kukataa kutoka siku ya kwanza, kichwa kuuma kwa sababu ya ile sindano. Ngiri yaweza kurudi. Maumivu ya kinena yaweza kukaa miezi mingi. Mara chache kende hukosa damu na kusinyaa. Hili wameliweka katikati ya mstari mrefu, kwa hiyo muulize munganga mwenyewe. Usipopasuliwa, utumbo unaweza kubanwa, na hapo ni upasuaji wa dharura.

Unaweza kubadili mawazo hata ukiwa mlangoni pa chumba cha upasuaji. Hawatakunyima matibabu mengine.

Kipengele cha 7 ndicho sikipendi. Kinasema hutadai chochote «kwa matokeo yoyote». Kama ni hatari zile walizokueleza, sawa. Lakini uzembe ni jambo lingine: kifungu cha 258 cha sheria ya madai, kitabu cha tatu, kinamtaka aliyeleta hasara kwa kosa lake ailipe. Waombe waongeze maneno «isipokuwa uzembe» kando yake. Wakikataa, usisaini bado, nipigie simu.