YAH: Msimbo umekataa kupanda jana usiku, naomba ruhusa ya kuandika kwenye GitHub

Shikamoo Mama Mwanaidi,

Natumaini umeamka salama na dukani kumeanza vizuri. Kazi ya kurekebisha namba za simu kwenye ukurasa wa malipo imekamilika tangu jana jioni, lakini bado haijafika kwenye hifadhi ya duka iliyoko GitHub. Nilipojaribu kuipandisha saa nne usiku ilikataliwa, kwa sababu akaunti yangu imepewa ruhusa ya kusoma tu. Naomba unibadilishie iwe ya kuandika, ikiwezekana leo kabla ya saa kumi, ili tusiikimbize kazi Ijumaa usiku wakati bei mpya zinaanza Jumamosi asubuhi.

Haya ndiyo majibu niliyoyapata, nimeyanakili kama yalivyo ili hata yule kijana aliyekutengenezea tovuti mwanzoni akiyaona aelewe mara moja:

```
$ git push -u origin rekebisha-namba-za-simu
remote: Permission to vitenge-dukani/tovuti.git denied to yusufu-tanga.
fatal: unable to access 'https://github.com/vitenge-dukani/tovuti.git/': The requested URL returned error: 403
```

Hiyo 403 maana yake GitHub imenitambua vizuri mimi ni nani, ila imeona sina haki ya kufanya ninachotaka kufanya. Ni kama kijana aliyeruhusiwa kuingia stoo kuhesabu majora, lakini haruhusiwi kuingiza mzigo mpya. Ndiyo maana wiki mbili zote hizi sikugundua: kushusha msimbo, kuusoma, kuufanyia kazi kwenye kompyuta yangu, vyote hivyo ruhusa ya kusoma inatosha. Mlango uligoma siku ya kurudisha mzigo. Nilipaswa kujaribu kupandisha kitu kidogo siku ile ile uliponialika, na sikufanya hivyo. Hilo ni kosa langu, nisamehe. Saa nilizopoteza jana kutafuta tatizo sitazitoza.

Kabla ya kukuandikia nilihakikisha tatizo haliko upande wangu. Tokeni ninayoitumia, yaani ufunguo wa kupandishia msimbo badala ya nenosiri, bado iko hai: nilifungua hifadhi ndogo ya majaribio kwenye akaunti yangu mwenyewe, nikapandisha faili moja kwa tokeni hiyo hiyo, ikapanda bila shida. Na kwenye hifadhi ya duka, amri ya kushusha msimbo, `git fetch`, inafanya kazi kama kawaida. Kilichobaki ni ruhusa, na hiyo iko mikononi mwako.

Namna ya kuibadilisha, tafadhali tumia kompyuta badala ya simu, ni rahisi zaidi. Ingia GitHub kwa akaunti yako, fungua hifadhi ya `tovuti`, kisha ubofye `Settings` pale juu, mwisho wa mstari wa vichupo. Upande wa kushoto chagua `Collaborators and teams`. Hapo inaweza kukuomba nenosiri lako tena, ni kawaida. Shuka chini kwenye orodha ya watu hadi uone `yusufu-tanga`. Mbele ya jina kuna kitufe kinachoonyesha `Read`. Kibofye, chagua `Write`, basi. Haina haja ya kunialika upya.

Ukifungua hifadhi na `Settings` hiyo huioni kabisa, usihangaike kuitafuta. Maana yake akaunti yako wewe mwenyewe haina madaraka ya msimamizi, huenda aliyeifungua mwanzo ndiye aliyebaki nayo. Hapo itabidi umpigie akupe wewe usimamizi kwanza, kisha ndipo unipe mimi ruhusa. Na kwa kweli mama, hata kama si kwa ajili ya kazi yangu, hilo lingefaa lirekebishwe. Duka ni lako, na msimbo wake usibaki chini ya mtu mwingine.

Naomba pia usinitumie nenosiri lako kwa WhatsApp ili niingie mwenyewe nibadilishe. Najua ungefanya hivyo kwa kuniamini, lakini nenosiri la akaunti yako linafungua kila kitu, na kwa kupandisha msimbo lisingenisaidia hata hivyo, kwani GitHub iliacha kupokea nenosiri kwa kazi hiyo tangu Agosti 2021.

Kuhusu ukubwa wa ruhusa yenyewe: naomba `Write`, siombi `Admin`. Kwa `Write` nitaweza kupandisha mabadiliko na kufungua matawi mapya, yaani nakala za pembeni za msimbo. Sitaweza kuifuta hifadhi wala kuongeza au kuondoa watu. Ila nikwambie ukweli wote: bila ulinzi wa ziada kuwekwa, mwenye `Write` anaweza kugusa hata tawi la `main`, ambalo ndilo linaloendesha tovuti. Mimi sitaligusa. Kazi yote nitaiweka kwenye tawi lake, `rekebisha-namba-za-simu`, na nitafungua ombi la kuunganisha ambalo utaliona kwa jina langu. Halitaingia kwenye `main` hadi useme ndiyo.

Kilichomo ndani ya kazi hiyo ni hiki. Kwenye orodha ya oda 17 zilizokwama uliyonitumia, 14 zilikwama kwa sababu mteja aliandika namba kwa nafasi katikati, au alianza na 0, au aliweka +255. Mfumo wa malipo unataka 255 ikifuatiwa na tarakimu 9, bila alama yoyote. Sasa ukurasa unazipanga wenyewe, mteja aandike atakavyo. Zile 3 zilizobaki zilipungua tarakimu kweli, na hizo hatuwezi kuzibuni. Mteja ataona maandishi mekundu, "Namba ya simu haijakamilika", papo hapo chini ya kisanduku, badala ya ukurasa mweupe uliokuwa unawatoa wateja mbio. Oda zote 17 nimezipitisha upya kwenye kompyuta yangu, na kila moja imejibu inavyotakiwa.

Ukinipa ruhusa leo, kupandisha ni dakika chache. Kesho Jumatano wewe na Dada Rukia mtajaribu kwenye anwani ya majaribio kwa simu zenu, tuone na macho yenu yanasema nini, Alhamisi tunaunganisha. Ijumaa inabaki wazi kwa lolote litakalojitokeza. Ikichelewa hadi Alhamisi bado tutawahi, lakini tutakosa siku ya kujaribu, na kwenye mambo ya malipo hilo linanipa wasiwasi. Mteja ambaye fedha yake imekwama mara moja ni vigumu kumrudisha.

Nimeambatanisha faili la `kazi-ya-simu.bundle`. Lina mabadiliko yangu yote, ili hata kompyuta yangu ikipata hitilafu leo kazi uliyoilipia nusu isipotee. Wewe huna la kulifanyia, lihifadhi tu. Fundi yeyote mwenye nakala ya hifadhi anaweza kulifungua.

Ukikwama hatua yoyote nipigie, nitakaa nawe kwenye simu hadi tumalize. Leo niko Tanga mjini kutwa nzima na umeme upo. Tukishaunganisha kila kitu na malipo yakipita vizuri kwa wiki moja, nitakukumbusha unirudishe kwenye `Read`.

Wako mtiifu,
Yusufu
Tanga