Nafasi ya Kazi: Muuzaji wa Duka la Khanga na Vitenge, Kariakoo

Tunatafuta muuzaji mmoja wa duka letu la khanga na vitenge lililopo Mtaa wa Kongo, Kariakoo, Dar es Salaam. Kazi itaanza Jumatano, tarehe 1 Julai 2026.

Tangazo hili linachukua nafasi ya lile tulilobandika mlangoni, lililotaka "msichana mwenye mvuto, asiye na majukumu ya familia". Tumeliondoa kwa sababu halikuwa la haki. Mwanamke au mwanaume, mwenye watoto au asiye nao, anakaribishwa ilimradi ametimiza miaka 18. Watu wenye ulemavu wanakaribishwa pia: duka liko chini, mlango hauna ngazi, na kazi ya kaunta inaweza kufanywa kwa kukaa. Majora mazito hubebwa na wapagazi.

Muuzaji atahudumia wateja, atapima na kukata vitambaa, atapokea fedha taslimu na malipo ya simu, na atatoa risiti ya EFD kwa kila mauzo. Jioni atahesabu mauzo pamoja na msimamizi.

Cheti cha shule si sharti, ila kusoma Kiswahili ni lazima. Wateja wengi huulizia khanga kwa jina lake, yaani yale maneno yaliyochapwa juu ya pindo la chini, na mteja akitaka doti ya kumpelekea wifi yake, kosa la neno moja linaweza kuzua ugomvi nyumbani kwa watu. Hesabu pia ziwe za uhakika. Asiyewahi kuuza duka tutamfundisha wiki mbili, kwa mshahara kamili.

Mshahara ni shilingi 450,000 kwa mwezi kabla ya makato ya kisheria. Tunachangia NSSF, na mkataba ni wa maandishi. Kazi ni Jumatatu hadi Jumamosi, saa 3:00 asubuhi hadi saa 11:00 jioni, na saa moja ya chakula na swala. Likizo ya mwaka ni siku 28 zenye malipo, na likizo ya uzazi hutolewa kwa mujibu wa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini. Kitambaa kikichafuka au kikikatwa vibaya kwa bahati mbaya, hatukati mshahara wa mtu.

Mwombaji alete barua fupi ya mkono, yenye jina lake na namba ya simu, dukani kabla ya saa 10:00 jioni, Ijumaa, tarehe 26 Juni 2026. Asiyeweza kuandika kwa mkono aje aeleze kwa mdomo, msimamizi ataandika. Picha haihitajiki. Barua ya serikali ya mtaa na wadhamini wawili tutamwomba atakayechaguliwa tu, ili wengine wasihangaike bure.

Kuomba kazi hii ni bure. Atakayekudai hela ya fomu au ya "kuunganishwa" hajatumwa nasi, tafadhali tuambie.