Hewa iliyonaswa kwenye silinda: swali na usahihishaji wake

Swali. Mwanafunzi amepanda mtumbwi Kibirizi, Kigoma. Anafunga jiwe kwenye silinda ya kupimia yenye ujazo wa 500 cm³, anaigeuza mdomo chini ikiwa imejaa hewa, kisha anaishusha ziwani kwa kamba. Kanieneo la hewa juu ya ziwa ni 92 kPa. Jotoridi la hewa na la maji ni lilelile, nyuzi 26 za Selsiasi. Densiti ya maji ni 1000 kg/m³, na g = 10 m/s².

(a) Tafuta ujazo wa hewa pale uso wa maji ndani ya silinda ulipo mita 13.8 chini ya uso wa ziwa.
(b) Ni kina gani kitakachoipunguza hewa hiyo hadi nusu ya ujazo wa mwanzo?
(c) Kwenye kina cha (a) silinda inainama na 40 cm³ za hewa zinatoroka. Ikivutwa juu, hewa iliyobaki itachukua ujazo gani?

Majibu. (a) Maji peke yake yanakandamiza kwa

ρgh = 1000 × 10 × 13.8 = 138 000 Pa = 138 kPa

Lakini juu ya maji hayo kuna hewa ya Kigoma nayo inayokandamiza. Jumla ni 92 + 138 = 230 kPa.

p₁V₁ = p₂V₂
92 × 500 = 230 × V₂
V₂ = 200 cm³

Wengi walisahau ile 92 wakapata 333 cm³. Wawili walipata 1250 cm³. Hao walipaswa kushtuka wenyewe, maana hewa iliyobanwa haivimbi.

(b) Ujazo ukiwa nusu, kanieneo huwa maradufu: 184 kPa. Maji yachangie 92 kPa, hivyo h = 9.2 m. Aliyeandika mita 10 alikariri hesabu za pwani. Uso wa Ziwa Tanganyika uko takriban mita 770 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam, na kina kidogo zaidi kinatosha.

(c) Hapa ndipo darasa zima liliporomoka. Karibu wote waliandika 500 − 40 = 460 cm³. Zile 40 zilitoroka zikiwa zimebanwa kwa 230 kPa. Huku juu zingejaza 100 cm³. Kanuni ya Boyle inadai mambo mawili: jotoridi lisibadilike, na gesi iwe ileile, bila kuongezwa wala kupunguzwa. Baada ya kutoroka, 500 haina kazi tena. Anza upya na kilichobaki chini, 160 cm³:

230 × 160 = 92 × V
V = 400 cm³

Aliyeanza kwa 500 akapata 460 nimempa sifuri kwenye (c), hata kama kutoa kwake ni sahihi. Aliyeandika 160 kisha akakosea hesabu amepata alama 2 kati ya 3.