Tuinue Glasi kwa Maharusi

Ndugu, jamaa na marafiki, hamjambo? Mimi ni mama wa bibi harusi. Naomba msimame kidogo, glasi mkononi.

Leo hakuna pombe ukumbini. Maharusi wenyewe ndio walioamua, nasi wazazi tukaafiki kwa moyo mmoja. Wewe usiyekunywa, iwe kwa imani, kwa afya, kwa kuwa uliiacha kwa taabu, au basi tu huipendi: karibu sana. Hakuna atakayekuuliza kwa nini. Niliwahi kumwona mgeni ameshika glasi ya divai jioni nzima bila kuionja, ili asisumbuliwe tu. Iliniuma. Usiku huu huna haja ya kujificha, sote tunakunywa kilichomo kwenye glasi ya bwana harusi: juisi ya nanasi na tangawizi, ya baridi, ambayo binti yangu aliionja mara tatu jana hadi akaridhika.

Wanangu, pendaneni, sikilizaneni, mzeeke pamoja. Nyumba yenu isikose wageni.

Haya, glasi juu! Kwa maharusi wetu: maisha marefu, na upendo tele!