Kumbukumbu ya mgonjwa kukataa kukatwa mguu

Wodi ya upasuaji ya wanaume, kitanda namba 14
Jumanne, 11 Machi 2025, saa 4:20 asubuhi
Imeandikwa na daktari wa zamu. Waliokuwepo: muuguzi wa zamu, mke wa mgonjwa na mtoto wake wa kwanza wa kiume. Kabla ya hapo nilizungumza na mgonjwa peke yake kwa takribani dakika 20.

Nimeandika kwa Kiswahili kwa sababu mgonjwa ameomba asomewe kila neno kabla ya kutia sahihi. Miwani yake imebaki nyumbani.

Mgonjwa ni mwanamume wa miaka 61, fundi cherehani, mkazi wa Mbagala Rangi Tatu. Ana kisukari kwa miaka 12. Wiki tatu zilizopita alikanyaga sindano kibandani kwake na hakusikia maumivu; alikuja kuiona jioni alipovua kiatu. Ramadhani ilipoingia alifunga siku za mwanzo na akaacha metformini. Amelazwa jana usiku.

Vidole vitatu vya mwisho vya mguu wa kulia vimekuwa vyeusi na vimeoza, harufu ni kali, na kuna usaha chini ya unyayo hadi karibu na kisigino. Eksirei inaonyesha mifupa ya mbele ya unyayo imeliwa, na kuna hewa ndani ya nyama. Alipofika joto lilikuwa nyuzi 38.6, mapigo ya moyo 112 kwa dakika, presha 138/84, sukari 22.4. Ameanzishiwa seftriaksoni, metronidazoli, insulini na dripu. Leo saa 3:30 asubuhi sukari ilikuwa 13.1.

Ushauri wetu, baada ya daktari bingwa wa upasuaji kumwona saa 2 asubuhi, ni kukata mguu chini ya goti ndani ya saa 24.

Nilichomweleza

Nimemwambia kwamba sehemu iliyooza haitarudi kuwa hai kwa dawa yoyote, kwa sababu damu haifiki huko, na dawa husafiri kwa damu. Nimemwambia maambukizi yanapanda, kwamba yakiingia kwenye damu yanaweza kumuua ndani ya siku chache, na kwamba tukichelewa huenda tukalazimika kukata juu ya goti. Neno "kufa" nimelitamka waziwazi, mara mbili.

Hatari za upasuaji wenyewe pia sikuzificha: kutoka damu, kidonda cha kigutu kuchelewa kupona kwa sababu ya sukari, moyo kushindwa, kusikia maumivu kwenye mguu usiokuwepo, na kifo. Nimemweleza kuhusu mguu wa bandia, na kwamba CCBRT pale Msasani wanatengeneza.

Kama ameelewa

Kwanza nilihakikisha homa na sukari havijamvuruga akili. Anajua siku, mahali alipo na sababu ya kulazwa. Tangu alazwe, dawa ya maumivu aliyopewa ni paracetamoli tu, hajapewa dawa ya kulevya.

Nilimwomba anieleze kwa maneno yake. Mara ya kwanza alisema, "Mnataka kunikata vidole, halafu dawa zikaushe huku juu." Hakuwa ameelewa, na kosa lilikuwa langu, maana nilikuwa nimeeleza haraka. Nikachora mguu kwenye karatasi, nikaweka alama ya mahali kuoza kulipofika na mahali tungekata. Mchoro huo umebandikwa nyuma ya ukurasa huu. Mara ya pili alisema: "Mguu umeoza hadi hapa. Mnataka kukata hapa, chini ya goti, sumu isipande. Nisipokubali naweza kufa, na nisipokufa huenda mkakata paja." Hayo ni sahihi kabisa.

Sababu zake

"Mwanangu, mguu huu ndio cherehani yenyewe. Huu wa kulia ndio unaokanyaga pedeli." Akasema pia jirani yake alikatwa mguu na akafariki wiki hiyohiyo. Nimemjibu kwamba wengi hufika hospitali wakiwa wamechelewa mno, na kwamba yeye bado ana nafasi nzuri zaidi leo kuliko atakavyokuwa kesho. Tumezungumza pia juu ya cherehani ya mota. Alisikiliza, akanyamaza, kisha akasema, "Bado siko tayari."

Nilimuuliza kama fedha ndiyo kikwazo. Amesema hapana, na afisa ustawi wa jamii amezungumza naye. Nilimuuliza akiwa peke yake kama kuna anayemlazimisha. Amesema hakuna. Mke wake angependa akatwe, apone; mwanawe anasema uamuzi ni wa baba.

Njia nyingine tulizompa

Ya kwanza, kutoa usaha na kuondoa vidole na nyama iliyokufa tu, akijua uwezekano wa kurudi kwenye upasuaji ni mkubwa. Ya pili, dawa, insulini na kusafisha kidonda bila upasuaji. Nimemwambia hii ni dhaifu mno kwa hali yake. Ya tatu, rufaa Muhimbili akasikie maoni ya madaktari wengine, kwa gari la wagonjwa. Kurudi nyumbani nimemwomba asikufikirie.

Amekubali tutoe usaha leo na tukwangue nyama iliyokufa, kwa ganzi ya mguu, akiwa macho. Kukata kidole au mguu amekataa. Rufaa amesema ataifikiria.

Kwa timu ya chumba cha upasuaji: ridhaa inaishia hapo. Mkikuta hali mbaya zaidi ndani, msiongeze upasuaji. Mgonjwa atakuwa macho, mwulizeni.

Nilimuuliza itakuwaje akipoteza fahamu. Jibu lake: "Mwiteni mke wangu na huyu kijana. Waamue wao, ila wakumbuke nimewaambia nini leo." Wote wawili walikuwepo na wamesikia.

Sikubaliani na uamuzi wake, na nimemwambia hivyo usoni kwa heshima. Lakini ni mtu mzima, ana akili timamu, na ameelewa. Amekataa kukatwa mguu, hajakataa kutibiwa. Naomba zamu zinazofuata zisimwandike "mkaidi" na zisimpunguzie huduma yoyote.

Ufuatiliaji

Nimechora mstari wa kalamu pale uvimbe na joto vilipoishia, sentimita 9 juu ya kifundo. Vipimo vyote na sukari kila baada ya saa 4, mkojo upimwe. Niitwe mara moja uvimbe ukivuka mstari, mapigo yakizidi 120, presha ya juu ikishuka chini ya 90, mkojo ukipungua, au akianza kuchanganyikiwa. Anajua anaweza kubadili mawazo saa yoyote, usiku pia, bila kulaumiwa. Nitamuuliza tena saa 10 jioni.

Muuguzi amemsomea yote haya kwa sauti. Alisahihisha jambo moja: niliandika alikanyaga sindano nyumbani, akasema ni kibandani. Nimerekebisha. Mgonjwa ametia sahihi, mke wake na muuguzi wametia sahihi kama mashahidi, nami nimetia yangu, saa 5:35 asubuhi.

Nyongeza, saa 10:15 jioni

Usaha umetolewa, takribani mililita 180, sampuli imepelekwa maabara. Mfupa umeonekana wazi, ameonyeshwa mwenyewe. Joto 37.9, mapigo 104, sukari 10.2, uvimbe haujavuka mstari. Nimemuuliza tena. Bado anakataa, ila ameomba mchoro wa asubuhi auangalie, na ameuliza kama mguu wa bandia unaweza kukanyaga pedeli. Nimemwambia sina hakika, na kwamba kesho asubuhi nitamleta mtaalamu wa viungo bandia amjibu. Amekubali kumsubiri. Mke wake analala naye leo.